Bilinganya Lisilokunywa Mafuta

Katika nyumba moja mjini Tanga, mama mwenye umri wa miaka 63, mwalimu mstaafu, alirejea kutoka kliniki ya shinikizo la damu akiwa na maagizo mawili: apunguze chumvi, na apunguze mafuta. Dawa zake alikwishazizoea. Maagizo hayo mawili ndiyo yaliyomkosesha raha, kwa kuwa chakula alichokipenda kuliko vyote kilihitaji vyote viwili. Kwa miaka mingi alikuwa akikata bilinganya vipande vya duara, akivikaanga mpaka viive na kupata rangi ya kahawia, kisha akivitia katika mchuzi mzito wa nyanya na ukwaju wa kulia wali.

"Bora tuliache, mwanangu," alimwambia binti yake. "Bilinganya linakunywa mafuta kuliko mtu mwenye kiu anavyokunywa maji. Marehemu bibi yako alikuwa akilitia chumvi kwanza, akisema inatoa uchungu. Sasa na chumvi yenyewe nimekatazwa."

Binti yake huoka keki za kuuza, na kwa sababu hiyo jikoni mwake mna mizani inayopima mpaka gramu moja. "Tusiliache kwanza, Mama," alijibu. "Tupime. Tukishajua linakunywa kiasi gani, ndipo tuamue."

Katika siku chache zilizofuata walikaanga bilinganya mara tatu. Mara moja waliharibu kabisa, na mara mbili walipata majibu. Makala haya yanaeleza walichokiona, kwa nini kilitokea, na namna mgonjwa wa shinikizo la damu anavyoweza kuitumia chumvi jikoni bila kuila yote.

Sponji iliyojaa hewa

Anayetaka kuelewa kiu ya bilinganya na alitie zima ndani ya ndoo ya maji. Halizami, huelea. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za uzito wake ni maji, lakini maji hayo yamo ndani ya seli, na baina ya seli hizo kuna nafasi nyingi ndogo zilizojaa hewa. Ndiyo maana nyama yake nyeupe hubonyea inaposhikwa na kurudi inapoachwa. Kiazi ni kinyume chake: seli zake zimebanana, nafasi za hewa ni chache, na mafuta hayapati njia rahisi ya kuingia ndani sana.

Kipande cha bilinganya kikitiwa kwenye mafuta ya moto, hewa iliyomo hutanuka na kutoka kwa mapovu, na mafuta hushika mahali pake. Hili hutokea haraka sana. Katika dakika ya kwanza tu kikaango kilichokuwa kinang'aa kwa mafuta huonekana kimekauka, ilhali vipande bado ni vyeupe. Mpishi huhofia kuunguza, naye humimina mafuta mengine. Hayo nayo hunywewa.

Baada ya dakika chache mambo hubadilika. Joto huziua seli, kuta zake hulainika, na zile nafasi za hewa huporomoka. Sehemu ya mafuta yaliyoingia hukamuliwa nje, na ghafla kikaango kilichokuwa kikavu huwa kimejaa. Lakini si yote yanayotoka. Mengi hubaki ndani ya nyama laini, na hayo ndiyo yanayoonekana baadaye yakielea juu ya mchuzi na kuganda pembezoni mwa sahani.

Kutokana na maelezo haya jambo moja linajitokeza. Ikiwa sponji itaporomoshwa kabla ya kukutana na mafuta, mafuta hayatakuta nafasi ya kuingia. Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na chumvi.

Kazi halisi ya chumvi

Seli hai ya mmea hujazwa maji mpaka ikakaza, mithili ya tairi lililojazwa upepo, na kukaza huko ndiko kunakokifanya kipande kibichi kiwe kigumu na kivunjike kwa mlio. Chumvi inaponyunyizwa juu ya kipande kilichokatwa, huyeyuka katika unyevu wa juu na kufanya maji makali ya chumvi. Maji yaliyomo ndani ya seli, ambayo hayana chumvi nyingi kiasi hicho, huvuka utando wa seli kuelekea kwenye ukali. Wanasayansi huliita tendo hili osmosisi. Seli zikiishiwa maji hunywea kama tairi lililotoka upepo, tishu nzima hupoteza mhimili wake, na mpishi akiibana kwa viganja, zile nafasi za hewa hufungika.

Faida ya pili ni rangi. Kipande kinapata rangi nzuri ya kahawia pale sukari na amino asidi zilizomo zinapoungana kwa joto kali, tendo linaloitwa mmenyuko wa Maillard kwa jina la mwanakemia Mfaransa aliyelieleza mwaka 1912. Mmenyuko huu huenda kasi pale joto la uso wa chakula linapozidi kiasi cha nyuzi 140 za Selsiasi. Uso uliolowa hauwezi kulifikia joto hilo, kwa sababu maji huchemka kwenye nyuzi 100, na maadamu yangalipo, joto huishia katika kuyageuza kuwa mvuke. Kipande kilichopunguzwa maji hukauka upesi na kupata rangi mapema, hivyo hukaa ndani ya mafuta kwa muda mfupi zaidi.

Rangi hii isichanganywe na weusi unaotokea bilinganya lililokatwa likiachwa wazi. Weusi huo hutokana na vimeng'enya vya mmea wenyewe vinavyokutana na hewa. Hauna madhara, lakini pia hauna faida yoyote kwa ladha ya kikaango.

Na uchungu? Bibi hakukosea. Mabilinganya yaliyokomaa kupita kiasi, yenye mbegu ngumu za rangi ya hudhurungi, huwa na uchungu, na chumvi huufanya ulimi usiuhisi sana. Lakini aina nyingi zinazouzwa sokoni siku hizi hazina uchungu mkubwa, na anayechagua tunda changa, gumu, lenye ngozi inayong'aa na kikonyo cha kijani, hana haja ya kutibu uchungu. Sababu ya kutia chumvi ni ile sponji. Tofauti hii ina maana kubwa kwa mgonjwa. Chumvi inayotiwa ili ionjwe ni lazima ibaki ndani ya chakula, bali hii, ikishamaliza kazi yake, inaweza kuondolewa.

Jaribio lililoharibika

Mara ya kwanza binti alikata bilinganya, akanyunyiza chumvi na kusubiri dakika kumi. Alipoona matone ya maji yameanza kutoka juu ya vipande, alidhani kazi imekwisha. Mama, kwa hofu ya chumvi, akavitia vipande vyote katika beseni la maji na kuviacha humo kwa nusu saa ili "chumvi itoke yote." Kisha vikatolewa, vikakung'utwa kidogo, na kutiwa kikaangoni.

Mafuta yaliruka hadi ukutani. Kikaango kilitoa kelele kubwa ya mvuke, halafu kikapoa. Vipande vilibaki na rangi ya kijivu kwa muda mrefu, vikalainika mpaka vikaanza kukatika vilipogeuzwa, na mwishowe vilikuwa vimelowa mafuta kama siku zote. Mama alionja kimoja akakirudisha sahanini.

Makosa yalikuwa matatu. Dakika kumi zinatosha kuvuta maji ya juu tu. Katikati ya kipande seli zilikuwa bado zimekaza na nafasi za hewa bado zimo. Kulowekwa kwa nusu saa kulirudisha maji yaliyokuwa yametoka, kwa kuwa osmosisi huenda pande zote mbili: seli iliyonywea ikiwekwa katika maji matupu huyanywa tena. Na vipande vilivyolowa viliyashusha joto mafuta, kwani nguvu ya moto ilitumika kuchemsha maji badala ya kupaka rangi. Anayesikia kikaango kikipiga kelele nyingi huku rangi haiji, na ajue kwamba tatizo ni maji, si moto mdogo. Kuongeza moto wakati huo huishia kuunguza kingo na kuacha katikati pakiwa pabichi.

Kuandaa vipande

Kwa jaribio lililofuata, binti alinunua mabilinganya yaliyolingana, akayakata kwa kuvuka, kila kipande kikiwa na unene wa sentimita moja hadi moja na nusu. Unene huu una sababu. Kipande chembamba kuliko hapo kina eneo kubwa la nje kwa uzito wake, na mafuta hushika zaidi kwenye eneo la nje. Kipande kinene sana hakiishiwi maji katikati kwa muda wa kawaida. Ngozi haikumenywa, kwani ndiyo inayokishikilia kipande kisisambaratike.

Aligawa vipande mafungu mawili ya gramu 500 kila moja. Fungu la kwanza lingekaangwa kama Mama alivyozoea, bila maandalizi. Fungu la pili lilinyunyiziwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi laini, kilichosawazishwa kwa kisu, yaani kama gramu 6. Nusu ya chumvi ilienda upande mmoja na nusu upande wa pili, kwa kuwa chumvi iliyorundikwa mahali pamoja huvuta maji mahali hapo tu. Vipande vikasimamishwa kwa kuegemeana ndani ya kung'uto lililowekwa juu ya bakuli, ili maji yadondoke badala ya kuvilowesha vipande vilivyo chini.

Safari hii walisubiri dakika 45. Saa yenyewe si kipimo cha kutegemewa sana, maana tunda changa na lililokomaa hayatoi maji kwa mwendo mmoja. Dalili ya kuaminika ni kukunja. Kipande kibichi kikikunjwa huvunjika; kilichokwisha kazi hujikunja kama ngozi laini bila kupasuka.

Kisha ikaja hatua ya kuondoa chumvi. Kila kipande kilipitishwa chini ya maji ya bomba kwa sekunde chache, upande huu na upande huu, ili chumvi iliyobaki juu ioshwe bila kuyapa maji nafasi ya kurudi ndani. Hapakuwa na kulowekwa. Mara baada ya hapo vipande viwili viwili vilibanwa baina ya viganja, taratibu, kama mtu anayekamua nazi lakini bila kusokota, na maji ya rangi ya kahawia yakatoka. Kubana huku si pambo. Chumvi hulegeza seli. Mikono ndiyo inayozifunga nafasi za hewa. Mwishowe vipande vilitandazwa juu ya kitambaa safi, vikafunikwa kwa kitambaa kingine na kukandamizwa mpaka kitambaa kisionyeshe tena alama ya unyevu.

Fungu lililokuwa na gramu 500 sasa lilikuwa na gramu 410. Vipande vilikuwa vyembamba kuliko mwanzo, nyama imeanza kuwa angavu badala ya nyeupe, na kilipobonyezwa kwa kidole gumba, kishimo kilibaki. Kile cha fungu la kwanza, kilipobonyezwa vivyo hivyo, kilirudi mahali pake kana kwamba hakikuguswa. Katika kishimo hicho mtu anaweza kuiona tofauti yote kabla ya kuwasha jiko.

Kwenye kikaango

Binti alipima gramu 300 za mafuta ya alizeti kwa kila fungu, akatumia kikaango kimoja kipana. Mafuta yalipashwa mpaka kiasi cha nyuzi 175 hadi 180. Asiye na kipimajoto anaweza kuchovya mpini wa mwiko mkavu wa mti: mafuta yakiwa tayari, mapovu madogo huuzunguka mpini mfululizo. Mapovu yakiwa machache na ya uvivu, bado. Mafuta yakianza kutoa moshi, yamezidi, na kikaango hakina budi kuepuliwa kidogo yapungue joto.

Vipande vilitiwa vinne au vitano kwa wakati mmoja, bila kugusana. Kikaango kikijazwa, joto la mafuta huanguka, mvuke wa kipande kimoja hukilowesha jirani yake, na vyote huchemka badala ya kukaangika. Kila upande ulichukua dakika mbili hadi tatu, na kipande kiligeuzwa mara moja tu, pale kingo zake zilipoonyesha rangi ya kahawia. Mafuta hayakuongezwa vipande vikiwa ndani. Kama mafuta yangepungua mno, yangeongezwa baada ya kutoa mkupuo mmoja, na kupashwa upya kabla ya kutia mwingine.

Wakati wa kuepua ni wa hatari kuliko unavyodhaniwa. Kipande kikiwa ndani ya mafuta, mvuke unaotoka ndani yake husukuma nje na kuyazuia mafuta kiasi. Kikitolewa na kuanza kupoa, mvuke uliobaki ndani hugeuka maji, nafasi uliyokuwa ukiishika hubaki tupu, na mafuta yaliyoshika juu ya kipande huvutwa ndani kuijaza. Sehemu kubwa ya mafuta inaweza kuingia katika chakula cha kukaangwa baada ya kuepuliwa. Hivyo kila kipande kiliinuliwa kwa uma, kikakung'utwa juu ya kikaango, kisha mara moja kikasimamishwa wima kwenye chujio la waya lililowekwa juu ya sahani, na pande zake zikafutwa kwa karatasi ya jikoni kingali moto. Kurundika vipande katika sahani na kuvifuta baadaye ni kuvipa muda wa kumaliza kunywa.

Fungu la kwanza nalo liliepuliwa na kuchujwa kwa njia hiyo hiyo, ili tofauti itakayoonekana itokane na chumvi na kubanwa, si na kuchujwa.

Hesabu ya mizani

Mafuta yalipopoa, yaliyobaki kikaangoni na yaliyodondoka sahanini yalipimwa. Fungu lisilotiwa chumvi lilikuwa limeacha gramu 180 katika zile 300. Gramu 120 zilikuwa zimeondoka na vipande, ukiacha kidogo kilichoruka au kufutwa kwa karatasi. Fungu lililotiwa chumvi, kuoshwa na kubanwa liliacha gramu 250. Limeondoka na gramu 50.

Gramu moja ya mafuta ya kupikia, yawe ya alizeti, ya karanga au ya mawese, huupa mwili kilokalori 9. Tofauti ya gramu 70 ni kilokalori 630. Familia hiyo ina watu wanne mezani, kwa hiyo kila sahani ilipungukiwa na kilokalori 157 hivi, zaidi kidogo ya kijiko kimoja cha chakula cha mafuta. Mafuta ya alizeti yana sifa njema ya kuwa na mafuta mengi yasiyoganda, lakini sifa hiyo haipunguzi nishati yake, na mgonjwa aliyeambiwa apunguze uzito huhesabiwa mafuta mazuri na mabaya kwa kipimo kimoja.

Hizi ni hesabu za jiko moja na kikaango kimoja. Tunda lililozeeka, mafuta yasiyopata moto wa kutosha au mikono isiyobana vizuri vitaleta hesabu nyingine. Mwenye mizani anaweza kurudia jambo hili nyumbani kwake kwa alasiri moja. Asiye nayo anaweza kupima mafuta kwa kikombe kabla na baada.

Vipi kuhusu chumvi?

Mama alikubali habari ya mafuta bila ubishi. Swali lake lilikuwa jingine: kama amepunguza mafuta kwa kuongeza chumvi, si amekimbia mvua na kuangukia mtoni?

Jibu hupatikana kwa kuhesabu hali mbaya kuliko zote. Chumvi iliyonyunyizwa ilikuwa gramu 6. Kama isingeoshwa hata chembe, wala maji yaliyokamuliwa yasingeondoka na yoyote, kila mmoja kati ya watu wanne angekula gramu moja na nusu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, zikiwa pamoja na ile iliyomo katika mkate, samaki wa chumvi na vidonge vya kuunga mchuzi. Gramu moja na nusu ni karibu theluthi ya kiasi hicho, si jambo la kupuuzwa. Kwa kweli sehemu ya chumvi iliondoka na maji yaliyodondoka bakulini, nyingine ikaoshwa bombani, na nyingine ikakamuliwa. Iliyobaki ni chini ya hapo, ingawa mizani ya jikoni haiwezi kusema ni kiasi gani hasa.

Kwa hiyo kanuni ya mgonjwa wa shinikizo la damu ni kuihesabu chumvi ya bilinganya kuwa ndiyo chumvi ya chakula chote. Mchuzi utakaopokea vipande hivyo usitiwe chumvi wala kidonge cha kuunga. Ukwaju, ndimu, vitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga hutosha kuupa mchuzi uhai, na uchachu hasa huufanya ulimi usihisi upungufu wa chumvi. Anayetia chumvi kwenye vipande, kisha akatia nyingine kwenye mchuzi kwa mazoea, ndiye anayeharibu hesabu.

Si vyema kuepa tatizo hili kwa kutumia chumvi mbadala yenye potasiamu bila kumuuliza mhudumu wa afya. Chumvi hiyo nayo huvuta maji, lakini kwa mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu zinazobakiza potasiamu mwilini, inaweza kuipandisha potasiamu ya damu kiasi cha kuhatarisha mapigo ya moyo.

Kwa yule ambaye daktari amembana zaidi, kama vile mgonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi au wa figo, ipo njia isiyotumia chumvi kabisa. Kinachohitajika ni sponji iporomoke, na joto la mvuke huweza kuiporomosha pia, kwa kuua seli na kulainisha kuta zake. Vipande hupangwa kwenye chombo chenye matundu juu ya sufuria ya maji yanayochemka, hufunikwa, na kuachwa kwa dakika nne au tano mpaka viwe laini lakini vingali vinashikika. Huachwa vipoe, hubanwa kwa kitambaa badala ya viganja kwa kuwa ni rahisi kuvunjika, kisha huachwa wazi mpaka juu pakauke. Ukaushaji huchukua muda mrefu kuliko wa njia ya chumvi, na mwenye haraka atarudia lile kosa la siku ya kwanza: kelele nyingi, rangi kidogo. Kwa atakayevumilia, mafuta hayatakuta nafasi nyingi za kuingia.

Siku hiyo ya hesabu sahani mbili ziliwekwa mezani, kila moja na vipande vyake. Vya fungu la kwanza vilikuwa vimevimba na kung'aa, na chini yake mafuta yalikuwa yamefanya kidimbwi. Vya fungu la pili vilikuwa vyembamba, vya kahawia iliyokolea hadi kingoni, vikiwa laini ndani na vikavu mkononi. Mama alionja vyote viwili, akanyamaza kidogo, kisha akaivuta sahani ya pili karibu yake. Binti alikuwa amekwishainua kijiko cha chumvi kuelekea sufuria ya mchuzi.

"Rudisha hicho, mwanangu," Mama alimwambia. "Bilinganya limekuja na ya kwake."